Nataka kuachana na dobi wangu bila kufikishana mahakamani

Shikamoo Shangazi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 18 hapa Raskazone, Tanga. Wageni wangu wengi ni mafundi wa bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani. Wanakaa wiki mbili, tatu, na makampuni yao ndiyo yanayolipa. Tangu Februari mosi nina mkataba wa mwaka mmoja na kijana mwenye kiwanda kidogo cha udobi Ngamiani. Kazi yote ya kufua ni yake, Sh 3,500 kwa seti. Miezi mitatu ya mwanzo alifanya vizuri. Tangu Mei mambo yameharibika. Mashuka yanatakiwa yarudi saa nane mchana, yanakuja magharibi. Julai peke yake amechelewa siku 14. Mashuka 11 na taulo 4 havijarudi mpaka leo. Mara tatu nimewarudishia wageni pesa, jumla Sh 240,000. Nikimuuliza, mashine imekufa au umeme umekatika.

Tarehe 29 Julai nilishikwa na hasira nikamtumia ujumbe wa sauti: "Kuanzia kesho gari lako nisilione hapa." Kesho yake gari likaja, nasi tukampa mizigo, maana hatukuwa na pa kuipeleka. Sasa ankara yake ya Julai, Sh 910,000, ipo mezani. Nataka nisimlipe, nimwandikie kuwa ni mwizi na mkataba umekufa leo, kisha niwatahadharishe wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye nyumba za wageni. Mume wangu anasema nitashtakiwa. Kijana mwenyewe ni mtoto wa jirani yetu wa zamani, sipendi kumdhulumu. Picha za mkataba na za daftari letu la makabidhiano nimeziambatisha.

Mama wa Raskazone

*

Marahaba, mwanangu. Mkataba wako nimeusoma mara mbili, na daftari nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Kutoka unaweza, tena bila kelele. Ila mlango uliotaka kuupitia siyo.

Mkataba wenu una milango miwili ya kutokea. Kipengele cha 9 kinasema upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa notisi ya maandishi ya siku 30, na hakimtaki mtu atoe sababu. Kipengele cha 10 kinasema upande mmoja ukikiuka masharti, mwenzake atampa notisi ya siku 14 arekebishe, na asiporekebisha mkataba unavunjika. Wewe ulitaka kuvunja leo hii, na hilo halimo katika kipengele chochote. Ukilifanya, wewe ndiye unayegeuka kuwa mvunja mkataba, hata kama dobi ndiye aliyeanza kukosea, na yeye ndiye atakayekuwa na dai la fidia.

Najua moyo wako unavutwa na kipengele cha 10, kwa sababu kinamtaja mkosaji. Kila mtu aliyechoshwa anataka karatasi iseme nani kakosa. Lakini hebu fungua daftari lako tarehe 3 Julai. Pameandikwa "seti 21, zimepokelewa", na saini ya binti yako wa mapokezi. Saa haikuandikwa, wala neno lolote la kulalamika. Tarehe 4 hivyo hivyo. Katika siku zile 14 unazosema alichelewa, nimeona siku 5 tu ambazo saa imeandikwa pembeni, na siku 2 tu ambazo mlimtumia ujumbe wa kumlaumu. Siku nyingine zote karatasi yako mwenyewe inasema mashuka yalifika na mkayapokea.

Hapo ndipo penye tatizo la kisheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 55, inazungumzia mtu aliyeahidi kufanya jambo kwa wakati fulani akachelewa. Kama wakati ni kiini cha makubaliano, mwenzake anaweza kuukataa mkataba. Lakini akikubali kupokea kazi iliyochelewa, hawezi baadaye kudai fidia ya kuchelewa huko, isipokuwa wakati anapokea alimwarifu mwenzake kwamba ataidai. Wewe umepokea Mei, Juni na Julai ukanyamaza siku nyingi zaidi ya ulizosema. Wakili wa upande wa pili hatahitaji kubisha kwamba mteja wake alichelewa. Atasema tu: saa nane ilikuwa maandishi, kwa vitendo wote wawili walikwisha kuizoea saa kumi na mbili.

Jambo hili liliwahi kunikuta. Nikiwa nasimamia ununuzi wa hoteli moja huku pwani, tulimwandikia muuza samaki barua kali kwamba kwa kuchelewa kwake mkataba umevunjika siku ile ile. Tulikuwa na hakika, maana kila mtu jikoni alikuwa shahidi. Akaja na mkoba wa hati za makabidhiano, zote zina saini zetu, hata moja haina lalamiko. Tukamlipa ili yaishe. Alikuwa anachelewa kweli, lakini sisi ndio tuliokuwa hatukuandika.

Ungeweza kuanza upya: umpe notisi ya siku 14 ya kipengele cha 10, useme kuanzia sasa saa nane ni saa nane, kisha uandike kila kitu. Kama mkataba usingekuwa na kipengele cha 9, hiyo ndiyo njia ningekushauri. Lakini fikiria mwisho wake. Kijana atajitahidi siku 14, mashuka yatakuja saa nane kasorobo, notisi yako itakuwa imejibiwa, na Septemba mtarudi mlipokuwa. Siku 30 za kipengele cha 9 ni nyingi kuliko 14, ila mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza, na hakuna anayehitaji kuthibitisha kosa la mwenzake. Tumia hicho, na usikichanganye na cha 10. Barua inayosema "kwa mujibu wa kipengele cha 9, na kwa sababu umekiuka masharti" inafungua mjadala ambao ulikuwa huna haja nao: atajibu kila sababu, na ghafla mnabishana juu ya mashine iliyokufa badala ya tarehe ya kuachana.

Sasa ule ujumbe wa sauti. Kumwambia mtu gari lake usilione tena, katikati ya mkataba, kunaweza kusomwa kuwa ni kukataa kuendelea nao. Kifungu cha 39 kinampa mtu aliyekataliwa hivyo haki ya kuuhesabu mkataba kuwa umekwisha, na baada ya hapo adai hasara yake. Bahati yako, hakuhesabu hivyo. Gari lilikuja asubuhi, mizigo ikapakiwa, daftari likasainiwa tarehe 30 na 31. Wote wawili mmeonyesha kwa vitendo kwamba mkataba upo. Ujumbe huo usiufute kwenye simu. Kufuta hakuuondoi kwenye simu yake, na wewe utabaki bila ushahidi wa siku na saa. Tutauweka sawa kwa sentensi moja ndani ya barua. Na kuanzia leo usimtumie ujumbe wa sauti juu ya jambo hili. Ukitaka kusema naye, andika au mfuate.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo watu wenye haki hujiharibia. Ankara ya Julai ni ya seti 260 ambazo amezifua na wageni wako wamezilalia. Hiyo ni deni. Kipengele cha 6 kinakutaka ulipe ndani ya siku 14 tangu kuipokea, na umeipokea Agosti mosi, kwa hiyo mwisho ni tarehe 15. Ukizuia zote 910,000 unakuwa umemkosea yeye kwa kosa lililo wazi kuliko yote aliyokukosea.

Lakini kukata unaruhusiwa, kwa kitu kimoja. Kipengele cha 7 kinasema kitu kilichopotea mikononi mwa dobi kitakatwa kwenye ankara inayofuata kwa bei ya kununulia. Umesema mashuka 11 na taulo 4. Kwenye daftari, mashuka 7 na taulo 4 vimeandikwa kuwa "pungufu" na dereva wake amesaini mbele ya neno hilo. Mashuka 4 mengine hayapo popote ila kichwani kwako na kwa binti wa mapokezi. Sisemi unadanganya. Nasema kata kile ambacho saini ya upande wake inakubali. Risiti zako za dukani zinaonyesha shuka Sh 28,000 na taulo Sh 15,000. Mashuka 7 ni 196,000, taulo 4 ni 60,000, jumla 256,000. Toa hiyo katika 910,000, unabaki na Sh 654,000. Mlipe hizo zote, kwa benki au kwa simu, njia yoyote inayoacha kumbukumbu, na umpe karatasi moja inayoonyesha hesabu hii pamoja na kurasa za daftari zinazohusika. Mashuka 4 yaliyobaki muulize kwa maandishi kama anayo. Huenda yako kwa mteja mwingine. Kwenye udobi hilo hutokea kila wiki.

Zile Sh 240,000 za wageni usizikate. Mkataba haukupi ruhusa ya kuzikata. Ni dai la fidia, na fidia huthibitishwa: mgeni gani, chumba gani, alirudishiwa kwa sababu ya mashuka au kwa sababu maji hayakutoka? Juu ya hapo, siku mbili kati ya hizo tatu mlipokea mashuka yaliyochelewa bila kusema neno, na tumekwisha kuona kifungu cha 55 kinasemaje. Mimi ningeliacha. Kama unaona uchungu, lizungumze naye ana kwa ana kama ombi, na mkikubaliana muandike. Usilitie kwenye notisi.

Kabla ya barua kutoka mkononi mwako, angalia mashuka yako yako wapi. Wenye nyumba wengi husahau hili. Una seti 60, na kwa kawaida seti 20 hivi ziko Ngamiani. Sheria ya Mikataba inampa fundi aliyekabidhiwa mali ya mtu akaifanyia kazi ya mikono haki ya kuishikilia mali ile mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, kama mkataba haukusema vinginevyo. Wako haukusema. Ukimpelekea notisi huku hujamlipa Julai na seti 20 ziko kwake, atazishikilia; akizishikilia kwa ajili ya ujira wa kuzifua hizo hizo, ana haki. Haki hiyo haimruhusu kushikilia mashuka ya leo kwa deni la zamani, lakini ubishi huo hutaki kuufanya nje ya geti lake huku wageni wanasubiri kulala.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi. Lipa zile 654,000 kwanza. Chagua siku ambayo mzigo ulioko kwake ni mdogo, kwako nadhani Jumatatu, kwa kuwa mafundi wengi hurudi Jumapili jioni na vyumba vinakuwa vimetandikwa tayari. Halafu peleka barua.

Na kabla ya barua, nenda wewe mwenyewe ukamwone. Hukuniuliza hili, lakini umesema hupendi kumdhulumu. Mweleze kwa mdomo kwa nini unaondoka: saa nane, mashuka yasiyorudi, makampuni yanayokulipa yanalalamika. Mwambie bila kutukana na bila kuahidi kitu. Kijana anayepoteza mteja wa laki tisa kwa mwezi anastahili kujua sababu, ili kesho asimpoteze mwingine. Usimwambie "tutaona" au "ukijirekebisha tutarudi", kwa sababu maneno hayo yatageuka kuwa ahadi. Nenda na mtu mzima mmoja anayemheshimu, akae tu kimya.

Barua yenyewe iwe fupi. Nimekuandikia hii, nikichukulia utaikabidhi Agosti 10:

> Nyumba ya Wageni (jina lililo kwenye mkataba)
> Raskazone, Tanga
> 10 Agosti
>
> Kwa: (jina kamili la dobi na la biashara yake, kama yalivyo kwenye mkataba)
>
> YAH: NOTISI YA KUSITISHA MKATABA WA HUDUMA YA UDOBI WA TAREHE 1 FEBRUARI
>
> Tunakuarifu kwamba, kwa mujibu wa kipengele cha 9 cha mkataba uliotajwa hapo juu, tunausitisha mkataba huo. Mkataba utafikia mwisho tarehe 12 Septemba.
>
> Mpaka tarehe hiyo masharti yote ya mkataba yanaendelea kwa pande zote mbili, pamoja na muda wa kurudisha nguo ulioandikwa katika kipengele cha 4. Mzigo wa mwisho utachukuliwa tarehe 10 Septemba na kurudishwa kabla ya mkataba kuisha.
>
> Ankara ya Julai imelipwa Sh 654,000, baada ya makato ya Sh 256,000 chini ya kipengele cha 7. Mchanganuo umeambatishwa. Ikiwa huukubali, tafadhali tuarifu kwa maandishi tuupitie pamoja. Ankara za Agosti na Septemba zitalipwa kwa utaratibu wa kipengele cha 6.
>
> Ujumbe wa sauti wa tarehe 29 Julai haukuwa notisi ya kusitisha mkataba, na huduma imeendelea baada yake.
>
> Barua hii haiondoi haki wala wajibu wa upande wowote uliokwisha kupatikana chini ya mkataba.
>
> Tunakushukuru kwa huduma yako.
>
> (Saini, jina, cheo)

Nikueleze baadhi ya maneno yaliyomo, usije ukayabadilisha ukidhani ni mapambo. Siku 30 huanza kuhesabiwa siku inayofuata ile aliyopokea. Akipokea Agosti 10, siku ya kwanza ni Agosti 11 na ya thelathini ni Septemba 9. Nimeweka Septemba 12 kwa makusudi, ili akipokea siku moja au mbili baadaye notisi isiwe pungufu. Notisi iliyopungua siku moja inampa mtu hoja, na siku tatu za kufua hazikugharimu kitu.

Sentensi ya muda wa kipengele cha 4 ndiyo inayorudisha saa nane mahali pake. Kuanzia hapo, akichelewa, binti wa mapokezi aandike saa kwenye daftari na maneno haya: "Imechelewa, tunahifadhi haki ya kudai." Dereva asaini. Ndiyo taarifa ile inayotakiwa na kifungu cha 55, na mlikuwa hamjawahi kuitoa.

Neno "mwizi" halimo, wala "uzembe", wala "umetuhujumu". Mwizi ni mtu aliyetiwa hatiani. Ulicho nacho ni mashuka ambayo hayajarudi, na hicho ndicho kimeandikwa kwenye mchanganuo. Wala usiandike juu ya barua hii "bila kuathiri haki", kama nilivyoona watu wakipenda kuandika ili ionekane ya kiwakili. Maneno hayo huwekwa kwenye barua za mapatano, zile ambazo pande mbili hazitaki zitumike kama ushahidi. Notisi yako unataka itumike kama ushahidi. Kazi ya kuhifadhi haki inafanywa na ile sentensi ya mwisho.

Shukrani nayo si unafiki. Februari, Machi na Aprili alikufanyia vizuri, daftari linasema hivyo. Ila usizidishe ukaandika kwamba umeridhika na huduma yake; barua hiyo ndiyo atakayoitoa siku mkipingana juu ya mashuka.

Kuikabidhi kuna namna yake. Kipengele cha 12 kinataka notisi ipelekwe kwa mkono kwenye anwani iliyoandikwa, kwa hiyo WhatsApp peke yake haitoshi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, lakini mkichagua njia katika mkataba, ifuateni njia hiyo. Chapa nakala mbili. Kwenye ya kwako aandike "Nimepokea", jina, tarehe na saa, kisha asaini. Aipokee mwenyewe mwenye mkataba; ukimkuta kaka yake au dereva, msubiri. Akikataa kusaini usigombane. Mwachie nakala pale pale, yule mtu mzima uliyekwenda naye aandike nyuma ya nakala yako kwamba ameona ikikabidhiwa saa fulani, asaini. Jioni hiyo mtumie pia picha ya barua kwa WhatsApp na nakala kwa EMS ya Posta, iwe akiba.

Kisha zinakuja siku 30 zenyewe, ambazo ndizo zitakazokuchosha. Kipengele cha 2 kinasema kazi yote ya kufua ni ya kwake. Yote. Ukianza Agosti 12 kumpelekea dobi mpya nusu ya mashuka, umevunja mkataba ukiwa mlangoni unatoka. Dobi mpya zungumza naye, kagua mashine zake, saini naye mkataba. Uanze Septemba 11, kwa mzigo utakaotoka baada ya ule wa mwisho? Hapana, hata hiyo ni mapema. Uanze Septemba 13. Siku mbili za katikati utavuka kwa seti za akiba ulizonazo. Kama huna za kutosha, nunua seti 10 sasa, maana zitakufaa pia siku atakazochelewa mwezi huu.

Katika siku hizo tia alama kwenye mashuka. Kalamu ya wino usiofutika, namba ndogo kwenye pindo la upande wa miguuni, 1 mpaka 120. Wakati wa kupakia, soma namba zilizotoka ziandikwe. Wakati wa kurudi, soma zilizoingia. Ni dakika kumi kwa siku. Tatizo la mashuka 4 ambayo hayapo kwenye daftari lilianzia hapo: mlikuwa mnahesabu mafurushi.

Lile kundi la wenye nyumba za wageni, mwanangu, usiandike kitu. Huko kuna watu 80 au zaidi, na neno moja la kumwita mtu mwizi mbele yao ni kashfa inayoweza kukufikisha mahakamani hata kama mkataba umeumaliza vizuri. Na usimwombe mwenzio aandike kwa niaba yako. Mtu akikupigia mwenyewe akakuuliza kuhusu huyu dobi kwa sababu anataka kumpa kazi, mjibu ulichokiona na kukiandika: "Nilikuwa naye kuanzia Februari, mwanzo alikwenda vizuri, baadaye alikuwa anachelewa, tukaachana kwa notisi." Basi.

Akikujibu kwa barua ya wakili, usiijibu mwenyewe. Chukua mkataba, daftari, nakala iliyosainiwa na kumbukumbu za malipo, nenda kwa wakili kabla ya muda uliotajwa kwenye barua hiyo kuisha. Kwa mafaili hayo atakuwa na kazi ndogo.

Siku ya Septemba 12 kaeni wawili, wewe na yeye, mhesabu namba kwa namba. Tengenezeni karatasi moja: vilivyorudi, visivyorudi na bei yake, ankara inayobaki. Msaini wote. Mkimaliza, mlipe ankara ya mwisho ndani ya muda wake, hata akiwa amekuudhi. Halafu weka vyote kwenye bahasha moja, pamoja na nakala ya ujumbe ule wa sauti, na uihifadhi miaka 6, kwa kuwa ndio muda ambao Sheria ya Ukomo inampa mtu kufungua dai la mkataba.